Karatasi ya sezariene isomwe kwa Kiswahili, na mama mwenyewe aweke sahihi

Vijana wenzetu wa Kabimba na Kalemie, ile karatasi ya kukubali kupasuliwa inaletwa kwa Kifaransa, wakati uchungu umeshashika, na kalamu anapewa bwana ama mama mukwe. Nina diplome ya chuo kikuu (kazi bado), na hata mimi naisoma mara mbili. Mama wa kule kijijini afanye nini?

Tuchukue mufano. Mama ako na mimba ya pili, uchungu umeanza, mutoto amelala mukingamo tumboni. Munganga anasema sezariene. Karatasi inapaswa kumuambia hivi: mutoto wa namna hii hawezi kupita njia ya kawaida, na tukingoja, kizazi kinaweza kupasuka. Tutakupiga sindano mugongoni, utabaki macho, utasikia mikono inavuta lakini hapana maumivu. Tutakata chini ya tumbo, juu kidogo ya kinena, kisha kizazi. Mutoto anatoka upesi, kushona ndiko kunakawia, yote karibu saa moja. Unaweza kupoteza damu nyingi ukahitaji kuongezewa, kidonda kinaweza kuoza, kibofu kinaweza kuguswa na kisu. Mara chache sana, damu ikikataa kusimama, tunatoa kizazi ili kuokoa maisha yako.

Hapo ndipo kuna neno moja la kuangalia sana: "na kila kitu kingine munganga ataona cha lazima". Hiyo inaeleweka kwa damu isiyosimama. Lakini kufunga mirija ili usizae tena haiingii humo hata kidogo. Hilo ni ombi lake peke yake, na sahihi yake peke yake, na si la kumuuliza mama anapolia juu ya meza.

Jambo lingine karatasi nyingi zinalipita haraka: kovu. Kizazi kilichopasuliwa kinabaki na sehemu zaifu. Mimba inayofuata isizaliwe nyumbani wala katika kituo kisichokuwa na chumba cha kupasulia, maana kovu likifunguka, kungoja mutumbwi ama moto ya kwenda Kalemie ni kuchelewa. Mama akitoka, aandikiwe kwa nini alipasuliwa na kizazi kilikatwa namna gani. Mwenzake wa kesho atauliza hayo kwanza.

Na sahihi? Sheria ya familia ilirekebishwa 2016, ikaondoa ile ruhusa ya bwana ambayo mwanamuke aliyeolewa alikuwa anatakiwa kuomba. Mama mwenye akili timamu anajisainia. Bwana akae karibu, ashike mukono wake, atafute damu. Kama mama amezimia na hakuna mutu, munganga anaokoa kwanza, karatasi inafuata.

Tunaomba: isomwe kwa sauti kwa Kiswahili tangu mwezi wa saba, siku ya kupima mimba, na mama arudishe kwa maneno yake kile alichosikia. Akishindwa kusema kwa nini anapasuliwa, bado hajakubali.