Acheni Kunyoosha Kiingereza cha Vibao Kabla ya Kukielewa

Kuna picha ya kibao inayozunguka kwenye simu za watu wa Karatu na Arusha. Ni kibao cha bati, kimepakwa rangi nyeupe na kuandikwa kwa mkono kwa rangi nyekundu, kisha kikafungwa kwa waya kwenye geti la kambi moja ya mahema nje kidogo ya mji wa Karatu. Maneno yanayoonekana kwenye picha ni ya Kiingereza. Nikiyarudisha kwenye Kiswahili neno kwa neno, kama msomaji wa Kiingereza anavyoyaona, yanasema hivi: "Geti ni karibu 12 jioni. Mgeni marehemu atalala nje." Neno la kufungwa limekosa herufi yake ya mwisho, likabaki neno lenye maana ya karibu. Na lile neno la Kiingereza la kuchelewa, likikaa mbele ya mtu, linaweza pia kumtaja aliyefariki.

Watu wamecheka sana. Wengine wamekasirika, wakaandika kwamba tunajiaibisha mbele ya watalii. Kila inapotokea picha ya namna hii hukumu huwa ileile: aliyeandika hajasoma, Kiingereza chake ni kibovu, atafutwe mtu anayekijua amsahihishie. Naipinga hukumu hiyo waziwazi. Aliyeandika kibao kile alikuwa na jambo la kweli la kuwaambia wageni wake, na ule ubovu tunaouchekelea ndio nyayo pekee zinazotufikisha kwenye jambo hilo. Anayekimbilia kunyoosha sarufi anazifuta.

Sisemi hivi kwa kukisia. Kabla picha haijanifikia, kibao kilikuwa kimeshasahihishwa na mtu mwenye elimu yake nzuri. Kiingereza chake hakina dosari hata moja, na maana yake ni hii: "Geti hufungwa saa sita kamili usiku. Wageni watakaochelewa watalala nje ya jengo." Mwenye kambi alitaka maneno hayo yaandikwe upya na yatiwe pia kwa Kijerumani, ndipo dereva mmoja wa watalii akanitumia yote mawili, picha na masahihisho, akaniuliza kama mambo yako sawa.

Hayakuwa sawa. Tazameni ile namba 12. Msahihishaji aliona "12 jioni" kwa Kiingereza, akajua hakuna kitu kama hicho, kwa sababu saa ya Kizungu ina 12 mbili tu, ya adhuhuri na ya usiku wa manane. Kwa kuwa geti haliwezi kufungwa adhuhuri, akachagua usiku wa manane na kulifuta neno jioni. Lakini neno jioni ndilo lililokuwa linasema kweli! Mwandishi wa kibao aliwaza kwa saa zetu, zinazohesabiwa tangu jua lichomoze, na saa 12 jioni ni saa 18:00 kwenye simu ya mgeni. Maneno aliyageuza kuwa Kiingereza, namba akaiacha ilivyo, maana tarakimu humdanganya mtu aione kama kitu kisicho na lugha. Kila siku tunasoma 18:00 kwenye simu zetu na mdomo unatamka saa 12 bila hata kufikiri, kwa hiyo mtu hashituki kwamba hapo pana tafsiri ya kufanywa.

Matokeo yake ni tofauti ya saa sita nzima. Hebu mfikirieni mgeni anayekisoma kibao kilichonyooshwa. Anaamini ana muda hadi usiku wa manane. Anaenda kula mjini, anakaa, anarudi saa 3 usiku na kukuta mnyororo. Pale si mahali pa kusimama gizani. Mashamba ya upande ule yanapakana na msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro, na tembo na nyati hushuka usiku kuingia mashambani. Wakulima wa Karatu wanaijua adha hiyo vizuri. Kibao cha mwanzo, pamoja na makosa yake yote, kingemfanya mgeni huyo aulize. Kingemkwaza. Cha pili hakimkwazi, kwa hiyo hana sababu ya kuuliza.

Na saa 12 yenyewe haikutoka hewani. Magari ya watalii yanatakiwa yawe yametoka kreta kufikia saa 12 jioni, na geti la Loduare la kuingilia hifadhini nalo hufungwa saa hiyo. Jua la huku, nyuzi tatu hivi kusini ya ikweta, huzama kati ya saa 12 na nusu hivi na karibu saa 1 mwaka mzima. Anayejua mwenendo huu wa siku, hata kabla ya kumpigia mtu simu, anaona kwamba kambi iliyo njiani hapo inafuata saa ileile inayofuatwa na wote. Ndiyo maana nasema kazi ya kufasiri kibao kama hiki haianzi kwenye kamusi ya Kiingereza. Inaanza kwa kuuliza Kiswahili gani kiko chini yake, nani alikiandika, kimesimama wapi, na anayesoma anatakiwa afanye nini.

Niliomba picha nyingine. Ile iliyokuwa inazunguka ilikatwa pembeni, kama zinavyokatwa nyingi ili kichekesho kibaki katikati. Picha nzima ilikuja na upande wa pili wa kibao, ambao umeandikwa Kiswahili safi kabisa: "Geti linafungwa saa 12 jioni. Mgeni atakayechelewa atalala nje." Hapo hakuna marehemu, hakuna karibu, na herufi zote zimetimia. Kumbe tuliyekuwa tunamwita mjinga anaandika vizuri. Alikuwa anatafsiri tu, peke yake, kwenda kwenye lugha ambayo pengine ni ya tatu kwake. Karatu si mji wa lugha moja. Kuna Wairaqw, kuna Wamaasai na Wadatoga, kuna Wahadza kule Eyasi, na lugha zao hazina hata ukoo mmoja na Kiswahili. Mtu aliyekulia Kiiraqw nyumbani, akajifunza Kiswahili shuleni, kisha akaandika Kiingereza kwa ajili ya riziki, amevuka madaraja ambayo wachekaji wengi hawajawahi kuyavuka.

Ikabaki sentensi ya pili, nayo ndiyo iliyonichukua muda zaidi. Kwa Kiswahili, kulala nje si lazima iwe kulala chini ya nyota. Mume akilala nje, hatusemi alilala uwanjani. Kwa hiyo mwenye kambi angeweza kumaanisha kwamba mgeni atatafuta pa kulala kwingine, au angeweza kumaanisha kwamba atabaki nje ya geti kweli. Kiingereza kilichonyooshwa kilichagua maana ya pili bila kuuliza, kikaongeza na jengo, wakati pale hakuna jengo, kuna mahema. Mfasiri hapa hana ruhusa ya kubahatisha. Dereva alimpigia mlinzi, na mlinzi akajibu kwa ufupi, "Tukishafunga hatufungui, aende mjini akalale." Basi tafsiri yake, kwa lugha yoyote ile, ni kwamba geti hufungwa saa 18:00 na halifunguliwi tena hadi asubuhi, na anayechelewa atafute malazi Karatu mjini. Niliishia hapo. Nilishawishika kuongeza kwamba mgeni apige simu mapema akiona atachelewa, kwa sababu ni ushauri mzuri, lakini mwenye kambi hakuusema na kibao ni chake.

Wapo watakaonijibu kwamba hii ni bahati ya kibao kimoja. Basi niwaonyeshe kingine ambacho hakuna anayekipiga picha ya kuchekea, kwa sababu Kiingereza chake kimenyooka. Kiko kando ya shamba la kahawa. Kwa Kiswahili kinasema ni marufuku kulisha mifugo eneo hili, maana yake wachungaji wasiingize ng'ombe na mbuzi wakala majani ya pale. Kiingereza chake kinasema ni marufuku kuwapa mifugo chakula. Kila neno liko mahali pake, na sentensi nzima ni uongo. Kiswahili chetu kinatumia kulisha kwa mwenye kumega mkate na kwa mwenye kuachia kundi malishoni. Kiingereza kina maneno mawili tofauti kwa mambo hayo. Nimemsikia mgeni akimuuliza dereva kama ng'ombe wa shamba lile wana ugonjwa wa tumbo. Ukikichukua Kiingereza hicho ukakifasiri kwa uaminifu kwenda Kijerumani na Kichina, utapata uongo katika lugha tatu. Na hapo kuna jambo jingine: kibao hicho kinamsemesha mchungaji, wala hakimhusu mtalii. Ningeulizwa, ningeshauri Kiingereza kiondolewe na mahali pake paandikwe Kimaasai na Kiiraqw.

Inaniuma kwamba ukali wetu unaelekea upande mmoja tu. Umbali mfupi kutoka kreta kuna bonde lililotoa mafuvu na zana za mawe zilizobadilisha elimu ya chimbuko la binadamu, na dunia nzima inaliita Olduvai. Wamaasai hulitaja kwa jina la mkonge pori unaoota pale, oldupai. Mgeni kutoka Ulaya alilisikia vibaya mwanzoni mwa karne iliyopita, na kosa lake likaingia kwenye vitabu, ramani na majina ya kisayansi. Hakuna aliyemwita hajasoma. Fundi wa Karatu akisahau herufi moja, tunamtangaza nchi nzima.

Kwa wenye kambi, mahoteli na mashamba, ombi langu ni dogo. Mnapotaka kibao cha lugha mbili, mpeni mfasiri Kiswahili chenu cha asili, msimpe Kiingereza kilichokwisha kutengenezwa. Saa ziandikwe kwa mfumo wa saa 24, yaani 18:00, hata pale Kiswahili kinaposema saa 12 jioni. Kibao kikishaandikwa, mwiteni mgeni mmoja asiyeijua kambi yenu akisome, kisha msimuulize kama Kiingereza ni kizuri. Mwambieni aeleze atafanya nini. Akisema atarudi saa 4 usiku, kibao kimeshindwa, hata kama sarufi yake ingepata alama zote darasani.

Na kwa wafasiri wenzangu wanaotumiwa picha zilizokatwa: ombeni upande wa pili, ombeni na namba ya mlinzi. Vipo vibao ambavyo mwenyewe hapatikani na Kiswahili chake kimeshafutika kwa jua na mvua. Hivyo siwezi kuvifasiri kwa maana moja, nami simpi mteja maana moja. Namwandikia zote mbili, namweleza kila moja imetoka kwenye Kiswahili gani, na namwambia asipake rangi hadi amempata mtu anayejua ipi ndiyo.