Usumbufu Haujitokezi Wenyewe

Kuna sentensi moja ambayo watumishi wa umma wa nchi hii wameikariri kuliko kifungu chochote cha Katiba: "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Utaikuta imebandikwa kwenye mlango wa ofisi Musoma pale maji yanapokatika, na utaisikia Bunda malipo ya wakulima yanapochelewa. Itazame vizuri. Usumbufu "ulijitokeza", kama uyoga baada ya mvua, wala hakuna aliyeusababisha. Neno "wowote" linaashiria kwamba huenda hata haukuwapo. Kilichobaki ni ombi tupu: mwananchi asamehe kitu ambacho mwombaji hajakitaja na hakukiri kuwa ni chake.

Nasema wazi kwamba huko si kuomba radhi. Ni kutumia sarufi kujificha. Kiswahili kimetupa njia nyingi za kusema kosa bila mkosaji: "makosa yalifanyika", "fedha zilipotea", "jina lilirukwa". Kimetupa pia neno "pole", ambalo ni neno zuri la kumfariji mfiwa au mgonjwa, lakini likitoka kinywani mwa aliyekudhulumu huwa ni dhuluma ya pili. Anakupa pole kana kwamba yeye ni jirani aliyepita njia.

Kila tarehe 14 Oktoba viongozi wanamkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyezikwa Butiama, na kumsifu kwa hotuba ndefu. Jambo moja wanaloliruka ni kwamba alijua kukiri. Mwaka 1972 serikali yake iliondoa halmashauri za wilaya. Mwaka 1976 ikavunja vyama vikuu vya ushirika na kuzipa mamlaka za mazao kazi yao. Kwa watu wa Mara hilo halikuwa jambo la makaratasi. Ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa, ulioongozwa na Paul Bomani, mzaliwa wa Ikizu, ulikua kutokana na malalamiko kwamba wanunuzi waliwapunja wakulima kwenye mizani. Wakulima waliweka watu wao wa kuangalia upimaji, na kutoka hapo wakajenga vyama vilivyounganishwa katika shirikisho mwaka 1955. Amri moja ya serikali ikafuta kazi ya miaka zaidi ya ishirini.

Mwaka 1984, akiwa bado Rais, Mwalimu alisema katika mahojiano kwamba kama angeanza upya, mambo hayo mawili asingeyafanya, na akakiri kwamba walikuwa na haraka na hawakujua. Hapo kuna sehemu kubwa ya radhi njema. Alitaja tendo lenyewe kwa jina lake, na wala hakusema "changamoto za kipindi hicho". Sababu aliyoitoa inamgusa mwenyewe: haraka na ujinga ni aibu za mtu, ilhali ukame na bei ya mafuta havimwaibishi yeyote. Tena marekebisho yalitangulia maneno, kwa kuwa sheria za mwaka 1982 zilikwisha kurudisha serikali za mitaa na vyama vya ushirika.

Hata hivyo sitaki tumtukuze kupita kiasi. Mahojiano yale yalikuwa ya jarida la kitaaluma lililochapishwa Uingereza, na mkulima wa pamba wa Bunda hakuwa msomaji wake. Marekebisho nayo yalikuwa nusu: vyama vilirudi chini ya kivuli cha chama tawala, na ilibidi isubiriwe sheria nyingine, ya mwaka 1991, ili wanachama wapewe uhuru wao. Anayeombwa radhi ni aliyekosewa, naye ndiye anayepaswa kusikia kwanza. Rais Steinmeier wa Ujerumani alipoomba msamaha tarehe 1 Novemba 2023 kwa ajili ya Vita vya Maji Maji, alikwenda Songea, mbele ya ukoo wa Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani. Siku moja kabla yake, Nairobi, Mfalme Charles alieleza masikitiko makubwa kuhusu ukatili wa ukoloni lakini hakuomba radhi. Masikitiko hayana mwenye deni.

Nalitumia neno deni kwa makusudi. Wanasaikolojia hutofautisha hatia na aibu. Aibu humwambia mtu "wewe ni mbaya", naye hujificha au hukasirika. Hatia humwambia "ulifanya jambo baya", na jambo lililofanywa laweza kutajwa, kupimwa na kulipwa. Radhi ya kweli hupunguza mzigo wa moyo kwa sababu hugeuza hofu isiyo na umbo kuwa deni lenye kiasi. Aliyepunja akitaja alichopunja, hana tena cha kuogopa kugunduliwa. Ndiyo maana radhi ya ujanja haimpumzishi anayeitoa: ameficha kiini cha jambo, na lililofichwa linahitaji kulindwa kila siku.

Mwaka 2016 Roy Lewicki na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti uliolinganisha sehemu sita za radhi: kujuta, kueleza sababu, kukubali kuwajibika, kuahidi kutorudia, kujitolea kurekebisha, na kuomba kusamehewa. Iliyopata uzito mkubwa kuliko zote ni kukubali kuwajibika, ikifuatiwa na kurekebisha. Ya mwisho kabisa ilikuwa kuomba kusamehewa. Sisi tunaanza na hiyo ya mwisho, na mara nyingi tunaishia hapo hapo.

Chukua karani wa kituo cha kununulia pamba ambaye mizani yake ilisoma pungufu ya kilo 3 kwa kila gunia, na mkulima alileta magunia 12. Karani akisema "samahani mzee, mambo ya mitambo", mkulima ataondoka na hasira na karani atabaki na wasiwasi. Radhi inayostahili ingekuwa hivi: "Mzee wangu, nilianza kupima asubuhi bila kuikagua mizani, na kuikagua ni kazi yangu. Nimekupunja kilo 36. Nimeziandika kwenye kitabu chako na malipo yake haya hapa. Wenzako 9 waliopima leo nitawafuata mmoja mmoja. Kuanzia kesho jiwe la kupimia litawekwa juu ya mizani mbele yenu kabla ya gunia la kwanza." Msamaha haukuombwa hata kidogo. Mzee akitaka atautoa, akitaka atanyamaza, na kunyamaza ni haki yake. Anayemshinikiza aliyekosewa aseme "yameisha" anamwongezea kazi ya kumliwaza mkosaji.

Najua jibu la watumishi wenzetu: ukikiri kwa maandishi, umejitengenezea ushahidi wa mashtaka. Hofu hiyo ina msingi, na ofisi inayomfukuza aliyekiri huku ikimpandisha cheo aliyeficha inafundisha uongo kwa mshahara wa serikali. Lakini hofu ya karani wa chini haiwezi kuwa kisingizio cha mkuu wake. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya mahabusu waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola mkoani Shinyanga, ingawa si yeye aliyewapiga. Mkurugenzi anayeogopa kuandika "sisi tulichelewesha malipo yenu kwa miezi 4, na yatalipwa tarehe fulani" haogopi mahakama. Anaogopa ile tarehe, maana akishaitaja, wakulima watakuja siku hiyo.