Ukungu Ndani ya Sanduku



Mwezi wa Juni, mavuno yakiisha kuingia ndani na shughuli za jando na unyago zikianza kuandaliwa, watu wa Nanganga hufungua masanduku yao. Nyumba moja ya hapo, karibu na njia panda ya barabara iendayo Ruangwa, ilifungua sanduku la bati lililokuwa limefungwa tangu Machi. Juu kabisa lilikuwapo shati jeupe la pamba la baba, lililotiwa wanga na kupigwa pasi vizuri. Chini yake zilikuwapo doti mbili za khanga, ambazo zilifuliwa na kupigwa pasi pasipo wanga. Khanga zilitoka zikiwa na harufu ya uvundo tu. Shati lilitoka na madoa meusi shingoni, kwenye vikofi vya mikono na katika kila mkunjo.

Mama wa nyumba alilaumu sanduku, akasema lina tundu linalopitisha maji. Tulilijaza maji na halikuvuja hata tone. Basi maji yaliyoota ukungu ule yalitoka wapi? Yalitoka katika nguo zenyewe.

Nguo ya pamba, hata ukiishika ukaiona kavu, daima ina maji ndani ya nyuzi zake. Huyavuta kutoka katika hewa na kuyarudisha hewani, kwa kadiri hewa ilivyo. Siku za ukavu, kilo moja ya nguo za pamba huwa na gramu 70 hivi za maji. Siku za masika, hewa ikiwa imelemewa na mvuke, maji hayo huzidi gramu 100, wala mkono wako hautambui tofauti. Ukijaza sandukuni kilo 10 za nguo za namna hiyo, umefungia humo zaidi ya lita moja ya maji. Hewa iliyomo sandukuni ni kidogo mno, haiwezi kuyapokea. Kwa hiyo nguo ndizo zinazoamua unyevu wa sanduku. Sanduku hutunza kile ulichokiweka: ukiweka ukavu litatunza ukavu, na ukiweka ubichi litatunza ubichi.

Ukungu, ambao wengine huuita koga, ni kuvu. Mbegu zake ni ndogo zisizoonekana kwa macho, nazo zimo katika kila nyumba na juu ya kila nguo. Hatuwezi kuzimaliza. Lakini mbegu hiyo haioti mpaka ipate unyevu wa kutosha na chakula. Hewa inayoizunguka ikibeba zaidi ya asilimia 70 ya mvuke inaoweza kuubeba, mbegu huanza kuamka. Katika bonde la Lukuledi, usiku wa masika hupita kiwango hicho kwa urahisi.

Kuhusu chakula, hapa ndipo shati lilipotofautiana na khanga. Kuvu huweza kula pamba yenyewe, lakini pamba ni chakula kigumu, huila polepole. Wanga ni chakula laini, sawa na ugali uliokwisha kupikwa. Wanga ule ulitengenezwa kwa unga wa muhogo, ukapikwa mzito, wala haukuchujwa. Mabonge yake yaliganda penye kitambaa kilichopandana, yaani shingoni, vikofini na katika mishono. Kuvu ilianza hapo hapo. Jasho lililobaki shingoni pia huongeza chakula.

Sasa tuzifuate hatua za siku ile ya Machi. Shati lilianikwa asubuhi, likakauka adhuhuri, likaachwa kambani hadi magharibi. Hewa ya alasiri yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 70, ikipoa hadi nyuzi 24, hufikia ukomo wake wa kubeba mvuke, na umande huanza. Nguo iliyokuwa imekauka saa nane mchana ilikwisha kunywa maji upya kufikia saa kumi na mbili jioni. Kisha pasi ya mkaa ilipitishwa haraka. Mvuke ulitoka upande wa juu, ukabaki katika matabaka ya shingo. Shati likakunjwa lingali na joto, likafungiwa.

Tiba ya mambo haya, ndugu msomaji, ni kanuni tatu.

Ya kwanza: usiweke nguo yenye wanga. Nguo itakayokaa zaidi ya majuma machache iloweke katika maji ya vuguvugu kwa nusu saa, ifue kwa sabuni, kisha isuze mara mbili au tatu. Kama unataka hakika, chukua maji ya suuzo la mwisho katika bakuli jeupe, udondoshee tone moja la aidini ya kidonda. Yakigeuka rangi ya buluu, wanga ungalimo, suuza tena. Utatia wanga siku ya kuivaa.

Ya pili: anua mapema. Nguo zianikwe kuanzia saa nne asubuhi na zianuliwe kabla ya saa tisa alasiri. Zikipigwa pasi, ziache zitanuke juu ya kiti mpaka zipoe kabisa, ndipo uzikunje.

Ya tatu: chagua siku. Wengi hufungua masanduku siku yoyote ili nguo zipate hewa. Kupunga hewa kunafaa tu ikiwa hewa ya nje ni kavu kuliko ya ndani. Ukifungua siku ya manyunyu, unakaribisha maji. Chumvi itakuwa shahidi wako. Weka kijiko kimoja cha chumvi katika kisahani, mahali pasipofikiwa na mvua. Chumvi safi huanza kulowana hewa inapofika unyevu wa asilimia 75. Chumvi ya mawe ya pwani huwahi zaidi, nayo hiyo ni tahadhari njema. Chumvi ikiwa imelowana, sanduku libaki limefungwa. Ikiwa kavu na inamwagika vema, fungua.

Liinue sanduku pia juu ya vipande vya mbao, mbali na sakafu na ukuta, kwani bati lililopoa usiku hukusanya unyevu upande wa ndani. Vidonge vya nondo na udi havizuii kuvu. Vidonge hufukuza wadudu, na udi huficha harufu tu.

Na nguo iliyokwisha kuota? Ipeleke nje, uipige brashi upande unakoelekea upepo, ukiwa umeziba pua kwa kitambaa. Ifue kwa maji ya moto na sabuni, uianike juani. Ukungu wa juu utatoka. Madoa meusi yaliyoingia ndani ya uzi ni rangi ya kuvu yenyewe, nayo haitoki kwa sabuni. Kwa pamba nyeupe peke yake unaweza kutumia dawa ya klorini, iliyochanganywa na maji kama chupa inavyoagiza. Usiichanganye kamwe na ndimu wala siki, maana hutoa hewa ya sumu. Khanga ukiitia dawa hiyo, itapoteza maua yake.

Shati la baba yule lilitakata kwa dawa hiyo, ila shingoni. Huko kuvu ilikwisha kula nyuzi zenyewe, na kitambaa kilichanika kilipovutwa kidogo. Fundi aliitoa shingo, akaigeuza, akaishona upya. Mwaka huo shati lilivaliwa jandoni, na baadaye likawekwa bila wanga, adhuhuri, siku ambayo chumvi ilikuwa kavu.