Jina Moja Mfukoni, Kampuni Nyingi Nyuma Yake



Wiki iliyopita ilitufikia barua ya dada yetu mmoja aliyeolewa Kalama, katika kaunti ya Machakos. Marehemu mumewe alikuwa amenunua hisa 800 za Bamburi, na hazikuwahi kugawanywa baada ya yeye kufariki. Watoto walisikia kwamba Bamburi imeuzwa kwa tajiri wa Tanzania. Wakasikia tena kwamba waliouza ni Fincem na Kencem, majina ambayo hawajapata kuyaona kwenye mfuko wowote wa saruji. Anauliza: "Je, hisa za baba yao zimekwenda na mauzo hayo? Na hao Fincem ni kina nani, ilhali sisi twaijua Bamburi tu?"

Swali hili lastahiki jibu la taratibu, kwa kuwa ndani yake mna haki ya mayatima. Tuanze na maneno mawili. Kampuni tendaji ni ile ifanyayo kazi yenyewe: huajiri wafanyakazi, hununua mawe na umeme, huuza bidhaa na kutoa risiti. Kampuni hodhi ni ile ambayo kazi yake ni kushika hisa za kampuni nyingine. Haina tanuri wala lori, na pato lake kubwa ni gawio linalopanda kutoka chini. Sheria huitazama kila moja kuwa mtu mbalimbali, mwenye mali yake na madeni yake, hata kama zote zafuata jina moja sokoni.

Sasa tuitazame Bamburi. Kampuni hii ilianzishwa mwaka 1951, na kiwanda chake cha Mombasa twakijua sote. Saruji wanayoitumia Kalama yaweza kuwa imesagwa karibu nao zaidi, katika kiwanda chake cha Athi River, kaunti hiyohiyo ya Machakos. Viwanda hivyo, wafanyakazi na mauzo ni vya Bamburi Cement Plc. Hiyo ndiyo kampuni tendaji, na ndiyo ambayo marehemu alinunua hisa zake.

Juu yake walikuwapo Fincem Holding na Kencem Holding. Kila moja ilishika asilimia 29.3 ya hisa za Bamburi, zote mbili asilimia 58.6, na nyuma yao alikuwapo Holcim, mtengenezaji saruji wa Uswisi. Fincem na Kencem hazikupika saruji hata kilo moja. Zilikuwa makasha ya kuwekea hisa. Hizo ndizo kampuni hodhi halisi.

Lakini tusidhani kwamba mstari huo ni mnyoofu siku zote. Bamburi yenyewe, pamoja na kuchoma saruji yake, ilishika hisa za kampuni nyingine. Kiwanda cha Hima nchini Uganda ilikishika kupitia kampuni iitwayo Himcem Holdings. Basi Bamburi ilikuwa tendaji kwa Mombasa na Athi River, na papo hapo ni mama kwa Hima. Jina la mwisho, liwe Holdings au lisiwe, si ushahidi. Ushahidi ni kazi inayofanywa.

Kwa nini watu wajipe taabu ya ngazi zote hizi? Sababu ya kwanza ni kutenga hasara. Kiwanda cha Uganda kikidaiwa, mdai hushika mali ya kampuni ya Uganda, wala haji Mombasa kuchukua tanuri, isipokuwa kama kampuni ya juu ilijitia dhamana kwa maandishi. Ya pili ni kurahisisha mauzo. Mwaka 2024 Hima iliuzwa kwa Sarrai Group pamoja na Rwimi Holdings. Kilichobadilisha mkono ni hisa. Kiwanda, leseni na mikataba ya wafanyakazi vilibaki ndani ya kampuni ileile ya Uganda, wala Athi River haikuguswa. Kama vyote vingalikuwa katika kampuni moja, ingelazimu kuhamisha mali, mikataba na vibali kimoja kimoja.

Mwaka huohuo wa 2024 ndipo Amsons ya Tanzania ilipotaka Bamburi. Nayo ilikuja kwa kampuni ya Amsons Industries (K) Limited, ikatoa shilingi 65 kwa kila hisa. Ahadi hiyo ilitolewa kwa wenye hisa wote: Fincem na Kencem walio wakubwa, na mjane wa Kalama vilevile. Wakubwa walipokubali waliuza hisa zao wao. Hawakuwa na uwezo wa kuuza za marehemu, kwani hazikuwa zao. Hilo ndilo jibu la swali lake la kwanza.

Hata hivyo asikae akangoja. Sheria ya Kenya yampa mnunuzi aliyefikisha asilimia 90 ya hisa alizoziomba uwezo wa kuzitwaa zilizobaki kwa bei ileile, hata mwenyewe asiposaini. Amsons ilivuka kiwango hicho. Kwa hiyo yawezekana cha marehemu sasa si hisa tena bali fedha zinazomngoja mwenyewe. Dada yetu amwandikie msajili wa hisa wa kampuni, atoe nambari ya akaunti ya hisa na cheti cha kifo, aulize mambo mawili: hisa zipo au zimegeuzwa fedha, na gawio lipi halijachukuliwa. Kulipwa kutahitaji hati ya mirathi iliyothibitishwa na mahakama.

Tukichukulia zimelipwa shilingi 65, hisa 800 ni shilingi 52,000. Dada ametueleza kwamba wazazi wa marehemu walitangulia, deni wala wasia hapana, na watoto ni wavulana wawili na wasichana watatu. Mke ana thumuni, yaani shilingi 6,500. Zinabaki 45,500, nazo hugawanywa mafungu saba: kila mvulana mawili, shilingi 13,000, na kila msichana moja, shilingi 6,500. Kadhi ndiye wa kuthibitisha.

Neno la mwisho ni kwa sisi tuliobaki. Mtu akikujia na karatasi yenye jina kubwa, iwe ni ya hisa, ya kiwanja au ya kazi, usiulize "Ni ya nani?" Uliza "Ni kampuni ipi hasa inayonisainia?" Soma jina kamili kwenye mkataba, ulilinganishe na la risiti na la akaunti ya benki unayotakiwa kuilipa. Kisha omba hati ya CR12 kupitia eCitizen. Humo mna wakurugenzi na wenye hisa, nawe utaona kama juu yake ipo kampuni nyingine. Ukiona wanaokuuzia ni kampuni tendaji lakini shamba limeandikwa kwa kampuni hodhi, basi aliyetia saini hana cha kukuuzia mpaka mwenye hati naye asaini. Jina la biashara ni bango tu. Haki yako iko kwa yule aliyetajwa katika maandishi.

Wallahu aalam.