Kidole Kimoja Kabla ya Picha Nyingine

Chukulia mama wa miaka 38 anayeuza ndizi Pasua, mjini Moshi. Kwa miezi saba ameumwa tumbo upande wa kulia, chini kidogo ya usawa wa kitovu. Ametibiwa vidonda vya tumbo mara mbili na homa ya matumbo mara moja, na amepigwa ultrasaundi mara tatu; kila mara ameambiwa kwamba viungo vyote ni vizima. Sasa anashauriwa apasuliwe, kwa kuwa huenda ni kidole tumbo cha muda mrefu. Katika safari hiyo yote hakuna aliyemwambia, "Mama, nionyeshe kwa kidole kimoja panapouma."

Angeombwa, angeonyesha mahali pasipozidi upana wa sarafu, kwenye ukingo wa nje wa msuli mrefu unaoshuka kutoka mbavuni hadi kinenani. Angeeleza pia kwamba maumivu huchoma anapoinua beseni, anapokohoa au anapojigeuza kitandani, na kwamba chakula wala choo hakiyabadilishi. Maumivu ya utumbo au ya kifuko cha nyongo kwa kawaida hayana tabia hiyo: huenea, na mgonjwa huyaonyesha kwa kiganja kizima.

Neva zinazohisi ngozi ya tumbo hutoka uti wa mgongo, hupita katikati ya tabaka za misuli, kisha zikifika ukingoni mwa msuli huo hupinda karibu pembe mraba na kutokeza mbele kupitia tundu dogo lenye kuta ngumu. Hapo ndipo neva huweza kubanwa. Pengine hufuatia ujauzito, kovu la upasuaji au kazi ya kubeba mizigo. Mara nyingi sababu haijulikani. Ultrasaundi ya viungo vya ndani haiwezi kuonyesha neva iliyobanwa namna hiyo. Kwa hiyo picha safi haithibitishi kwamba mgonjwa anajisingizia, ingawa wagonjwa wengi wa aina hii hurudi nyumbani na shutuma hiyo.

Njia ya kutenganisha ukuta na vilivyomo ndani ilielezwa mwaka 1926 na John Carnett, daktari wa upasuaji wa Filadelfia, Marekani. Mgonjwa hulala chali, na mpimaji hubonyeza kwa ncha ya kidole mahali panapouma zaidi. Bila kuondoa kidole, humwomba mgonjwa akunje mikono kifuani na kuinua kichwa na mabega. Misuli ikikaza, huwa ngao ya viungo vya ndani; maumivu yakipungua, chanzo huenda kimo ndani. Yakizidi au yakibaki vilevile, chanzo huenda ni ukuta wenyewe. Kazi hiyo haimalizi hata dakika moja, na ni vigumu kukubali udhuru wa foleni ndefu kwa kutoifanya.

Hata hivyo kipimo hiki si cha kila tumbo. Utandu unaofunika tumbo kwa ndani ukiwa na uvimbe mkali, misuli ikikazwa nao huuma, na mpimaji anaweza kudanganyika. Mwenye homa, kutapika, tumbo gumu, manjano, damu katika choo au kukonda, na mwanamke aliyekosa hedhi, wachunguzwe kwanza kwa magonjwa ya ndani. Ngiri nayo huuma tumbo linapokazwa, na mkanda wa jeshi huweza kuuma siku kadhaa kabla ya malengelenge kutokeza.

Kwa mama huyu wa Pasua hakuna dalili hata moja kati ya hizo, na alipoinua kichwa maumivu yalizidi. Hatua inayofuata ni sindano: mililita 5 hadi 10 za lignokeini ya asilimia 1, ile ile ya ganzi inayotumika kushona majeraha, ikipelekwa na mtaalamu penye neva baada ya kuhakikisha kwamba sindano haimo ndani ya mshipa wa damu. Baada ya robo saa hupimwa tena. Maumivu yakishuka kwa nusu au zaidi, utambuzi umepata nguvu kubwa, ingawa si hakika kamili, kwa kuwa wapo wanaopata nafuu hata kwa sindano ya maji ya chumvi.

Nafuu hiyo inaweza kudumu saa chache tu, na mgonjwa aambiwe hivyo mapema asije akadhani ametapeliwa. Kwa baadhi, sindano zikirudiwa hutosha. Kwa wengine hulazimu neva ikatwe na daktari wa upasuaji. Kuondoa kidole tumbo kizima kusingemsaidia, na kovu lake lingeweza kubana neva nyingine karibu na ile ya kwanza.