Kabla ya Kulipa "Domeni Yenu Inaisha Leo", Ulizeni Nani Aliisajili



Vikundi vyetu vingi sasa viko na tovuti. Washonaji, wanamuziki, wale wa masomo ya jioni, kila mtu anataka wafadhili wamuone. Lakini tovuti ikishafunguliwa tu, imeili za kutisha nazo zinaanza kuingia. Mimi naona hivi: hao matapeli hawatushindi kwa akili. Wanatushinda kwa sababu ndani ya kikundi hakuna anayejua domeni ilisajiliwa wapi na kwa jina la nani.

Domeni ni lile jina la tovuti, mfano example.org. Hauinunui ikawa yako milele. Unailipia kwa miaka, kwa kampuni ya usajili, na jina la .org mara nyingi ni dola 10 hadi 25 kwa mwaka.

Sasa chukua mfano huu. Imeili imefika kwenye anwani ya kikundi, ile iliyoandikwa chini kabisa ya tovuti. Kichwa chake ni DOMAIN EXPIRATION NOTICE. Jina la domeni yenu limeandikwa sawasawa, bei ni dola 86, na mko na saa 24 tu. Mweka hazina anashtuka, anaanza kutafuta mtu mwenye kadi ya benki.

Ngoja kwanza. Fungua lookup.icann.org, andika domeni yenu. Ni bure. Tazama vitu viwili tu. Cha kwanza ni Registrar, yaani kampuni iliyosajili. Je, ni hiyo iliyowaandikia? Cha pili ni Registry Expiration, tarehe ya kuisha. Kama kampuni ni nyingine na tarehe iko miezi saba mbele, hiyo barua ni ya uongo. Kwa majina ya nchi kama .co.ke au .co.tz, hapo panaweza pasionyeshe kitu. Basi uliza kampuni mliyoilipa mwanzo.

Halafu soma yale maandishi madogo ya chini. Mara nyingi yanasema yenyewe kwamba hii siyo ankara, ni ofa ya kuingiza jina lenu kwenye mitambo ya kutafuta. Maana yake ukilipa hizo dola 86, domeni haijaongezwa hata siku moja. Pesa imekwenda, na siku ya kuisha iko palepale.

Hata hiyo saa 24 siyo utaratibu. Kwa majina kama .org na .com, kampuni ya usajili inatakiwa ikukumbushe karibu mwezi mmoja kabla, tena karibu wiki moja kabla. Na domeni ikishafutwa, kawaida kuna siku 30 za kuikomboa, ingawa kwa bei kubwa zaidi.

Shida yetu iko hapa. Ukumbusho wa kweli unakwenda kwenye imeili ya aliyesajili. Na aliyesajili mara nyingi ni mfanyakazi wa mradi, mkataba wake ukaisha, akaondoka, imeili yake ya kazi ikafungwa. Kwa hiyo barua ya kweli haimfikii mtu yeyote, na ya uongo inawafikia ninyi. Mkizoea kufuta zote, siku moja tovuti inazima kweli.

Wale wanaoleta ofa ya tovuti kwa bei ya chini wanaingia kupitia mlango huohuo. Anatengeneza haraka, anasajili domeni kwa jina lake mwenyewe, na mkigombana anaondoka nayo. Mwingine anaahidi kuwaweka namba moja Google. Google yenyewe inasema hakuna anayeweza kuhakikisha hilo. Muulize: namba moja kwa maneno gani? Akijibu ni kwa jina kamili la kikundi chenu, ujue mngeweza kuwa hapo hata bila yeye, maana nani mwingine anatumia jina hilo?

Kwa hiyo ninyi wa mashirika, nawaomba jambo moja. Mradi ukiisha msituachie tovuti peke yake. Tuachieni na akaunti ya usajili. Ihamishieni kwenye imeili ya kikundi, watu wawili wawe na nywila. Na kwa kuwa wengi wetu hatuna kadi ya benki, bajeti ikiruhusu lipieni miaka mitatu au mitano mara moja. Jina la .org linaweza kulipiwa hadi miaka 10 mbele.

Na sisi vijana, tuandike kwenye daftari la kikundi mistari mitatu: kampuni ya usajili, imeili ya akaunti, tarehe ya kuisha. Ile barua ya dola 86 ikija, mweka hazina afungue daftari kwanza.