Rede ya ukubwani, na aliyekaa pembeni

PICHANI: Wanawake wanne waliosoma pamoja shule ya msingi mjini Morogoro wakicheza rede nyuma ya nyumba ya mmoja wao, miaka 25 tangu walipoicheza mara ya mwisho. Wawili wanarusha, mmoja yuko katikati ameinamia chupa ya mchanga. Wa nne amekaa juu ya ndoo, kanga kiunoni, anashangilia.

Maneno ya kuweka chini ya picha hiyo yalizua mjadala kwenye kundi lao la WhatsApp. Wa kwanza alipendekeza: "Mpira ni ule ule, magoti ndiyo yamebadilika." Wakacheka. Wa pili akaandika: "Mama aliita tukale, tukajibu tunakuja. Mpaka leo bado tunakuja." Hapo kundi likanyamaza kidogo, maana mama huyo alikwisha fariki. Yule wa kwenye ndoo akaandika lake: "Mimi nilikuwa nimechoka tu, jamani."

Hakuwa amechoka. Utotoni yeye ndiye aliyekuwa hashikiki. Waliocheza rede wanakumbuka: mpira wa soksi kuukuu zilizojazwa vitambaa na kufungwa kamba, warushaji wawili wakitazamana, na wa kati akiukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Ukiguswa na mpira umetoka. Chupa ikijaa kabla hujaguswa, umeshinda. Kwa hiyo wa kati anachuchumaa, anachota mchanga kwa kiganja, anainuka ghafla, anaruka, anageuka, anachuchumaa tena.

Safari hii alichota viganja vitatu. Alipoinuka kuukwepa mpira wa nne, mkojo ukamtoka. Haukuwa mwingi, lakini ulitosha kulowesha nguo. Akacheka kwa sauti kuliko wote, akajifunga kanga, akaenda kukaa. Ana watoto watatu, wa mwisho ana miaka miwili, na hali hiyo imekuwa ikimpata akipiga chafya au akibeba ndoo ya maji.

Jioni, wakati wa kuosha vyombo, alimnong'oneza mwenye nyumba. Jibu alilopata hakulitarajia: "Shoga yangu, kwani unadhani mimi nilichagua kurusha kwa nini?"

Wanawake wengi waliozaa wanalijua jambo hili, na wengi hulichukua kama kodi ya uzazi: hulipwa, haizungumzwi. Ukweli ni kwamba lina sababu inayoeleweka, na mara nyingi linapungua au kuisha bila dawa wala upasuaji.

Fikiria kitanda cha kamba, kile cha teremka tukaze. Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama kamba za kitanda hicho, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi mwisho wa uti wa mgongo nyuma. Juu yake kimelala kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo wa mwisho. Ujauzito huilemea misuli hiyo kwa miezi, na kuzaa kwa njia ya kawaida huivuta zaidi. Aliyezaa kwa upasuaji naye anaweza kupata tatizo hili, kwa sababu uzito wa mimba aliubeba. Mtu anapokohoa, anapocheka au anapoinuka na kuruka, tumbo husukuma chini kwa nguvu. Kamba zikiwa zimekaza, mlango wa mkojo hubaki umefungwa. Zikilegea, kidogo huponyoka.

Jina la kitanda hicho ndilo linaloeleza tiba: kamba hukazwa upya. Kuipata misuli hiyo, kaa au lala, kisha fanya kama unazuia hewa isitoke nyuma na mkojo usitoke mbele, vyote kwa pamoja. Utahisi kitu kinabana na kupanda juu kwa ndani. Bana huku ukihesabu polepole hadi tano, au hadi tatu kama tano zinakushinda, kisha achia kabisa kwa muda ule ule. Kuachia ni nusu ya zoezi, usikuruke. Rudia mara 8, na ufanye hivyo mara 3 kwa siku: asubuhi kabla ya kutoka kitandani, mchana, na usiku. Kadiri nguvu inavyorudi, ongeza hesabu hadi kufikia kumi.

Makosa ni yale yale kwa wengi. Wapo wanaobana pumzi, wanaokaza makalio na mapaja, na wanaosukuma chini kama wako chooni. Hili la mwisho linazidisha tatizo. Ili kujua, weka kiganja tumboni chini ya kitovu: tumbo likitutumka kwenda nje, unasukuma, hubani. Wengine hufanyia zoezi chooni, wakikata mkojo katikati kila mara. Hiyo si njia nzuri, kwa sababu kibofu kinaweza kubaki na mkojo ambao haukutoka wote.

Lipo kosa lingine lisilohusu zoezi: kuacha kunywa maji ili mkojo upungue. Mkojo ukiwa mzito huwasha kibofu, na mtu hubanwa mara nyingi zaidi. Choo kigumu nacho huilegeza misuli, kwa sababu kila siku mtu anakamua kwa nguvu. Hapo mboga za majani, matunda na maji vina kazi yake.

Matokeo hayaji kwa wiki moja. Wataalamu hushauri angalau miezi 3 ya kufanya bila kuruka siku, na wengi huacha mapema wakidhani haifai. Katikati ya safari upo ujanja unaosaidia mapema: bana misuli hiyo sekunde moja kabla ya kupiga chafya, kukohoa au kuinua mzigo. Anayetaka kurudi kwenye michezo ya kuruka apande ngazi kwa ngazi. Kwanza akohoe akiwa amesimama. Kama ni pakavu, aruke mahali alipo mara kumi. Kama bado ni pakavu, aingie katikati. Kwa aliyejifungua karibuni, mazoezi ya kubana yanaweza kuanza mapema mwili ukiruhusu, lakini kuruka na kukimbia kusubiri angalau miezi 3.

Yapo yasiyosubiri mazoezi. Mkojo unaouma, wenye damu au unaoambatana na homa unahitaji kupimwa. Kuhisi kitu kizito kinashuka au kinatokeza ukeni kunahitaji daktari, na vivyo hivyo ganzi sehemu za siri. Na mkojo unaotiririka mchana na usiku bila kusubiri chafya wala kuruka, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, unaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hilo mazoezi hayalizibi. Mara nyingi linahitaji upasuaji, na zipo hospitali zinazoufanya, mojawapo CCBRT ya Dar es Salaam.

Kwa mengine, pa kuanzia ni kliniki ile ile unayompeleka mtoto. Sema wazi kwa muuguzi: "Mkojo unanitoka nikikohoa au nikiruka." Sentensi hiyo inamtosha kujua aanzie wapi.